Ripoti yangu ya maabara imerudishwa, eti ni hadithi

Swali

Shikamooni walimu. Nasoma diploma ya sayansi ya maabara hapa Mombasa. Tulipima kloridi kwenye maji ya visima viwili vya Kisauni, nikaandika ripoti, mwalimu akairudisha na maneno haya: "Hii ni hadithi. Panga: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala." Nikaweka vichwa hivyo vinne, lakini sasa nambari zilezile zimetokea mara tatu na sijui kipi kiende wapi. Kiini cha ripoti ni hiki, nimekigeuza Kiswahili:

"Jumanne asubuhi tulienda Kisauni kuchukua maji kwenye visima viwili kwa sababu wenyeji hulalamika kuwa maji yana chumvi. Kisima A kiko mita 300 kutoka baharini na kisima B kiko zaidi ya kilomita moja. Tulijaza chupa za plastiki tukarudi maabara. Tulipima mililita 25 za maji ya kisima A kwa pipeti, tukatia kwenye flaski, tukaongeza mililita 1 ya kromati ya potasiamu, maji yakawa manjano. Tukaangalia pH kwa karatasi, ikawa kati ya 7 na 8. Halafu tukaanza kutia nitrati ya fedha ya 0.0141 M kutoka kwenye bureti. Mara ya kwanza tulipitiliza kwa sababu tulifungua bureti sana, rangi ikawa nyekundu kabisa, tukasoma 26.90. Tukarudia mara tatu tukapata 24.10, 24.20 na 24.15, ambayo ni mengi kwa sababu kisima kiko karibu na bahari na maji ya bahari yanaingia ardhini. Kisima B kilitumia kidogo tu, 5.35, 5.45 na 5.40, kwa hivyo maji yake ni mazuri. Kabla ya hapo tulikuwa tumepima maji yaliyokenekwa tukapata 0.25, ambayo tuliitoa. Tulipiga hesabu tukapata 478 na 103. Kloridi hushika fedha kwanza ikafanya mashapo meupe, ikiisha ndipo kromati nayo hushika fedha, ndiyo maana rangi hubadilika. Shirika la Afya Duniani linasema 250, kwa hivyo maji ya kisima A si salama."

Naomba mnionyeshe kwa hii hii ripoti yangu, si kwa mfano mwingine.

*Mwanafunzi, Kisauni*

Jibu

Marahaba, mdogo wetu. Vichwa havikukusaidia kwa sababu uliviweka juu ya aya ambazo bado zinafuata saa: tulienda, tukarudi, tukapima, tukapata. Ukikata mtiririko huo vipande vinne na kuvipa majina, kila kipande kitabaki na mchanganyiko uleule. Kinachopaswa kuhama ni sentensi, na mara nyingi nusu sentensi. Kwa hivyo usiandike upya kutoka juu. Chukua nakala yako, tia nambari kila sentensi, kisha kando ya kila moja andika herufi: U kwa kinachoeleza kwa nini mlipima, B kwa kinachoeleza mlivyopima, T kwa mlichokipata, J kwa maana yake. Sentensi ikidai herufi mbili, ikate hapo hapo kwa mstari.

Ya kukatwa ni nyingi kuliko utakavyodhani. Tazama hii moja: "Tukarudia mara tatu | tukapata 24.10, 24.20 na 24.15, | ambayo ni mengi kwa sababu kisima kiko karibu na bahari na maji ya bahari yanaingia ardhini." Kipande cha kwanza ni B, cha pili ni T, cha tatu ni J. Sentensi moja imebeba sehemu tatu za ripoti, na ndiyo sababu kila ulipotaka kuihamisha ililazimika kuonekana mara tatu. Panapokatika pana alama yake: karibu kila mara ni kwenye "kwa sababu", "kwa hivyo", "ndiyo maana" au "ambayo ni". Ripoti ikiandikwa kwa Kiingereza ni hivyo hivyo, tafuta viunganishi vyenye kazi hiyo.

Kisha nambari. Hizi ndizo zinazowachanganya wengi, kwa sababu mtu huambiwa "nambari ni za Matokeo" na kumbe Mbinu imejaa nambari. Jiulize nambari hiyo ilichaguliwa au ilipatikana. Mililita 25, mililita 1 ya kromati, 0.0141 M, kurudia mara tatu: hizo mliamua wenyewe kabla ya kuanza, kwa hivyo ni za Mbinu. Vipimo 24.10 na 5.35, 0.25 ya maji yaliyokenekwa, 478 na 103: hizo hakuna aliyezichagua, bureti na hesabu ndizo zilizowapa, kwa hivyo ni za Matokeo.

Kanuni hiyo inakwama mahali pamoja katika ripoti yako, nako ni pH. Ilipatikana kwa kupimwa, lakini sisi tungeiweka Mbinu. Swali lenu halikuwa pH ya maji ya Kisauni. Mliiangalia kwa sababu titresheni hii inayotumia kromati, yaani huko kutia nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti hadi rangi igeuke, hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 7 na 10. Maji yakiwa na asidi, kromati hugeuka umbo na kikomo, yaani pale rangi inapoanza kugeuka, huchelewa kuonekana. Yakizidi 10, fedha huanza kutua pamoja na haidroksidi badala ya kloridi. Kwa hivyo pH yenu ni ukaguzi wa kuonyesha kwamba mbinu ilifaa na hamkuhitaji kurekebisha sampuli. Iseme kwa sentensi moja katika Mbinu, iishe. Kama kazi yenu ingekuwa kueleza ubora wa maji kwa jumla, ingehamia kwenye jedwali la Matokeo.

Sasa tupange, na tuanze na Matokeo, si Utangulizi. Matokeo ndiyo sehemu isiyobadilika hata ukiandika vingine vyote upya, na ukiyaweka kwanza unajua Mbinu inapaswa kueleza vipimo vipi na Mjadala una nini cha kujadili. Yako yanatoshea hivi:

> Maji yaliyokenekwa yalitumia mililita 0.25 za nitrati ya fedha. Kiasi hicho kilitolewa kwenye wastani wa kila kisima. Vipimo vitatu vya kila kisima havikupishana zaidi ya mililita 0.10 (Jedwali 1). Kisima A kilikuwa na kloridi 478 mg/L na kisima B 103 mg/L. Titresheni ya kwanza ya kisima A, iliyosomeka 26.90, ilipita kikomo na haikuingizwa kwenye wastani.

| Kisima | Vipimo (mL) | Wastani (mL) | Wastani kutoa 0.25 (mL) | Kloridi (mg/L) |
|---|---|---|---|---|
| A | 24.10, 24.20, 24.15 | 24.15 | 23.90 | 478 |
| B | 5.35, 5.45, 5.40 | 5.40 | 5.15 | 103 |

Angalia yaliyotoka. "Mengi" na "kidogo tu" yametoka, kwa sababu hayo ni maoni juu ya nambari na msomaji anaiona nambari yenyewe. Kulinganisha hakukatazwi: unaweza kuandika kwamba kloridi ya kisima A ilikuwa zaidi ya mara nne ya kisima B, maana hiyo ni hesabu ya vipimo vyako mwenyewe. "Maji yake ni mazuri" ni hukumu, nayo imetoka. Bahari nayo imetoka kabisa. Mtu akisoma Matokeo yako peke yake asiweze kujua kama wewe unaamini chumvi imetoka baharini au chooni. Akijua, kuna kipande cha Mjadala kimebaki humo.

Ile 26.90 inahitaji uangalifu wa aina yake. Wanafunzi wengi huifuta, na wengine huandika kwenye Mbinu kwamba "titresheni ya kwanza ilikuwa ya kukadiria". Kukadiria ni jambo zuri, na lingefaa kupangwa, lakini nyinyi hamkulipanga, mlipitiliza. Usigeuze ajali kuwa mpango. Iandike katika Matokeo pamoja na sababu ya kuiacha, kama tulivyofanya hapo juu. Hapa "sababu" inaruhusiwa kwa kuwa mliishuhudia kwa macho, rangi ikawa nyekundu kabisa badala ya kuanza tu kugeuka. Kwamba mlifungua bureti sana si lazima kusema. Ukitaka kuisema, ni nusu sentensi ya Mjadala. Uzito wake unapimika: kwa sampuli ya mililita 25 na nitrati ya 0.0141 M, kila mililita moja ya bureti ni karibu 20 mg/L ya kloridi. Kupitiliza kwa mililita 2.75 kungewapa 55 mg/L zisizokuwepo.

Kutoka hapo nenda Mbinu. Hapa amri ni moja: mwenzako wa darasa jingine aweze kurudia bila kukupigia simu. Kwa hivyo "Jumanne asubuhi tulienda" haina kazi, ila tarehe ya kuchukua sampuli ina kazi, kwa sababu kisima cha pwani hubadilika kati ya kiangazi na masika. "Tulirudi maabara" haina kazi. Muda uliopita kabla ya kupima una kazi ndogo kwa kloridi, ambayo haiozi wala haihitaji dawa ya kuihifadhi, lakini uandike. Mpangilio nao si lazima ufuate saa. Mlipima maji yaliyokenekwa mwanzo, lakini msomaji ataielewa hatua hiyo vizuri zaidi baada ya kuijua titresheni yenyewe:

> Sampuli zilichukuliwa tarehe … kutoka visima viwili vya Kisauni, kisima A kikiwa mita 300 kutoka baharini na kisima B zaidi ya kilomita moja, kwa chupa za plastiki zilizosuuzwa kwanza kwa maji ya kisima husika. pH ilikaguliwa kwa karatasi; ilikuwa kati ya 7 na 8, kwa hivyo haikurekebishwa. Mililita 25 za sampuli zilitiwa kwenye flaski kwa pipeti, ikaongezwa mililita 1 ya kromati ya potasiamu ya asilimia …, na nitrati ya fedha ya 0.0141 M ikatiwa kutoka kwenye bureti huku flaski ikitikiswa. Kikomo kilihesabiwa kuwa rangi ya kwanza ya njano kuelekea wekundu wa matofali ambayo haikutoweka kwa kutikisa. Kila sampuli ilipimwa mara tatu. Mililita 25 za maji yaliyokenekwa zilipimwa kwa njia hiyo hiyo. Kloridi ilikokotolewa kwa fomyula ifuatayo, ambapo S ni wastani wa sampuli, K ni kipimo cha maji yaliyokenekwa, M ni moli kwa lita za nitrati ya fedha na V ni mililita za sampuli:

```
Cl (mg/L) = (S - K) × M × 35450 / V
```

Fomyula ni ya Mbinu kwa sababu iliamuliwa kabla ya kuwa na kipimo. Kuitia nambari, yaani 23.90 × 0.0141 × 35450 / 25, ni kazi ya Matokeo, na mfano mmoja unatosha. Cha kisima B msomaji atakipata mwenyewe. Hiyo 35450 ni uzito wa moli moja ya kloridi kwa miligramu, usiiache ikining'inia bila kuelezwa.

Umeona nafasi tulizoacha wazi kwa vitone, na kipande cha kusuuza chupa ambacho hukutaja. Hapo ndipo hadithi huficha. Masimulizi yakitiririka, msomaji haoni kilichokosekana, kwa sababu "tulijaza chupa" inasikika kama imekamilika. Ukiiweka kwenye Mbinu, pengo linajitokeza lenyewe: chupa zilisuuzwa au la, kromati ilikuwa ya nguvu gani, maji yalitekwa kwa ndoo au kwa pampu. Andika tu kile mlichofanya kweli. Kama hamkusuuza, toa maneno hayo na useme zilikuwa kavu, au useme zilikuwa zimeoshwa kwa maji gani, kwa sababu maji ya bomba nayo yana kloridi.

Mbinu pia haipaswi kubeba maelezo ya kwa nini kemia inafanya kazi. Sentensi yako ya kloridi kushika fedha kwanza na kromati baadaye ni nzuri na ni sahihi: mashapo meupe ya kloridi ya fedha huyeyuka kwa uchache zaidi kuliko mashapo mekundu ya kromati ya fedha, kwa hivyo hutangulia kutua. Lakini uliiweka karibu na mwisho, baada ya 478, mahali ambapo haimsaidii mtu. Ni maarifa yaliyojulikana kabla hamjafika Kisauni, kwa hivyo ni ya Utangulizi, sentensi mbili tu. Alama ya kuitambua ni wakati wa kitenzi: "hushika" ni jambo la siku zote, "ilishika" ni la siku ile. Katika rasimu yako tafuta kila kitenzi chenye *hu-*. Kikikaa ndani ya Mbinu au Matokeo, kipo nyumba ya watu.

Mjadala ndio uliokuwa na maneno machache kuliko yote katika rasimu yako, kwa kuwa uliumwaga kidogo kidogo njiani. Ukikusanya vipande vyote vya J unapata vinne: karibu na bahari, maji ya bahari yanaingia ardhini, maji ya B ni mazuri, maji ya A si salama. Kabla ya kuviandika vizuri, vichunguze, maana vikikaa pamoja udhaifu wake unaonekana.

"Si salama" haisimami. Takriban 250 mg/L inayotajwa na Shirika la Afya Duniani inahusu ladha: kloridi ikizidi hapo watu huanza kuitambua mdomoni. Haikuwekwa kama mpaka wa sumu. Kwa hivyo 478 inakupa ruhusa ya kusema kwamba maji yana ladha ya chumvi, jambo linalokubaliana na malalamiko ya wenyeji, na si zaidi. Kwa njia hiyo hiyo 103 haikupi ruhusa ya kuyaita maji ya B mazuri. Hamkupima vijidudu wala kitu kingine chochote.

Sababu ya bahari inawezekana, na unaweza kuitia nguvu kwa hesabu. Maji ya bahari yana kloridi takriban 19,000 mg/L. Tofauti ya visima vyako ni 375 mg/L. Kama maji ya chini ya ardhi ya A yangekuwa kama ya B kabla ya kuchanganyika, basi asilimia 2 tu ya maji ya bahari ingetosha kuleta tofauti hiyo. Hesabu hii inakwenda Mjadala ingawa ni nambari, kwa sababu inategemea nambari ya nje na dhana ambayo hamkuipima. Inayotumia vipimo vyenu peke yake ibaki Matokeo.

Lakini bahari si mshukiwa pekee. Mkojo una kloridi, na mahali penye vyoo vya shimo na visima kwenye kiwanja kimoja, mwamba wa matumbawe na mchanga wa pwani havizuii maji machafu kusafiri. Titresheni yenu inahesabu kloridi. Haiulizi imetoka wapi. Mngepima nitrati iliyomo kwenye maji yenyewe pia, kisima chenye kloridi nyingi na nitrati nyingi kingewaelekeza chooni zaidi kuliko baharini. Hamkupima, basi Mjadala useme hivyo:

> Kloridi ya kisima A ilizidi kiwango cha takriban 250 mg/L ambapo ladha ya chumvi huanza kutambulika, na hili linakubaliana na malalamiko ya wenyeji. Ya kisima B haikufika hapo. Ukaribu wa kisima A na bahari unaruhusu maelezo ya kuingia kwa maji ya chumvi: mchanganyiko wa asilimia 2 hivi ya maji ya bahari ungetosha kuleta tofauti iliyoonekana, ikiwa maji ya awali yalifanana na ya kisima B. Maji machafu kutoka vyoo vya shimo nayo yangeweza kuongeza kloridi, na kwa kuwa nitrati haikupimwa, vyanzo hivi viwili haviwezi kutenganishwa. Sampuli zilichukuliwa siku moja kutoka visima viwili tu, kwa hivyo tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa umbali peke yake.

Sentensi ya mwisho ndiyo mwalimu huitafuta na mara nyingi hukuta badala yake "kulikuwa na makosa ya kibinadamu". Usiandike hayo ya kibinadamu. Andika udhaifu unaoweza kuutaja kwa jina na ueleze ungesukuma jibu upande gani na kwa kiasi gani. Kusoma bureti kwa kukosea mililita 0.05 ni 1 mg/L, haibadilishi kitu. Nguvu ya nitrati ya fedha ikiwa imepotoka kwa asilimia 2, kisima A kinasogea kwa karibu 10 mg/L, bado kiko mbali na 250. Kisima kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, hilo ndilo tatizo kubwa. Bureti ni dogo.

Utangulizi uuandike mwisho, tena mfupi. Sasa unajua Mjadala umeegemea nini, kwa hivyo unajua nini lazima kiwe kimetajwa mapema: malalamiko ya chumvi, bahari na vyoo kama vyanzo viwili vinavyowezekana, kiwango cha ladha, kanuni ya titresheni, halafu lengo kwa sentensi moja, "kupima na kulinganisha kloridi ya visima viwili vya Kisauni vilivyo umbali tofauti kutoka baharini." Ile 250 itaonekana mara mbili katika ripoti, mara moja hapa kama kigezo na mara moja katika Mjadala kama kipimo cha kulinganishia, na huko si kujirudia. 478 haimo kabisa katika Utangulizi. Na kama choo hakikutajwa hapa, kikiibuka ghafla Mjadalani kitaonekana kama kisingizio.

Kuna wanaotaka Matokeo na Mjadala viwe sehemu moja, na baadhi ya majarida huruhusu. Mwalimu wako ameomba vinne, mpe vinne. Hata ukija kuviunganisha siku nyingine, kazi ya kukata kwenye "kwa sababu" utaifanya vilevile.

Kabla ya kurudisha ripoti, mwendee fundi wa maabara umuulize jambo moja ambalo rasimu yako haikuligusa: hiyo 0.0141 M iliandikwa kwenye chupa tu, au nitrati ilihakikishwa kwa kloridi ya sodiamu iliyopimwa kwa mizani siku hiyo? Nitrati ya fedha huharibika ikikaa kwenye mwanga. Ikiwa ilihakikishwa, ongeza sentensi moja kwenye Mbinu na utumie nguvu iliyopatikana katika fomyula. Ikiwa haikuhakikishwa, andika kwenye Mbinu kwamba nguvu ni ya lebo, na ile hesabu ya asilimia 2 iingie kwenye Mjadala wako.